Sauti, Kijitabu na Msaidizi: Upangaji wa Masomo ya Dini katika Shule za Redio za Sutatenza, Kolombia, Tangu 1947

IKISIRI

Makala haya yanachunguza namna masomo ya dini yalivyopangwa kwa ajili ya watu wasioweza kufika shuleni kila siku, kwa kurejelea shule za redio zilizoanzishwa katika parokia ya Sutatenza, nchini Kolombia, mwaka 1947. Hoja kuu ni kwamba somo la dini halikubebwa na sauti ya redio wala na kijitabu peke yake, bali na jirani mmoja asiye mwalimu, aliyeitwa msaidizi wa karibu. Makala yanaonesha kwamba mpango huo ulikuwa imara katika kufikisha mafundisho lakini mwembamba katika kupokea maswali, na kwamba udhaifu huo ulidhihirika zaidi katika somo la dini kuliko katika kusoma, hesabu au kilimo. Mwishoni, makala yanapendekeza kigezo cha kutathmini mipango ya aina hii, yaani njia ambayo swali la mwanafunzi hupitia mpaka lipate jibu.

1.0 Utangulizi

Tafiti nyingi kuhusu elimu kwa njia ya redio hupima vitu vinavyohesabika kwa urahisi: saa za matangazo, idadi ya redio zilizogawiwa, vitabu vilivyochapishwa na wanafunzi walioandikishwa. Vipimo hivyo vinafaa panapohusika somo la kusoma na kuandika, kwa kuwa mtu aliyejifunza herufi anaweza kupewa karatasi asome mbele ya mtahini. Somo la dini halipimwi kwa urahisi huo. Mwanafunzi anaweza kukariri jibu lote pasipo kulielewa, na mwingine anaweza kulielewa lakini akawa na swali zito ambalo hakuna aliye karibu naye wa kulijibu. Kwa sababu hiyo, mtafiti anayetaka kujua kama mpango wa somo la dini kwa njia ya redio ulifanya kazi hana budi kutazama mambo yaliyotokea chumbani baada ya mwalimu wa redio kunyamaza.

Sutatenza imechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, ni kati ya mipango ya mapema na mikubwa zaidi duniani iliyounganisha redio na maandishi kwa ajili ya watu wa mashambani, na ilidumu kwa takribani miongo minne. Pili, kumbukumbu za taasisi iliyouendesha, Acción Cultural Popular (kwa kifupi ACPO), zimehifadhiwa katika Maktaba ya Luis Ángel Arango jijini Bogotá, zikiwemo barua za wasikilizaji. Kwa hiyo mwanahistoria anaweza kuutazama mpango huu kutoka pande zote mbili, yaani upande wa aliyetuma somo na upande wa aliyelipokea.

2.0 Hali ya elimu ya dini kabla ya redio

Sutatenza ni mji mdogo wa milimani katika Bonde la Tenza, jimbo la Boyacá. Katika miaka ya 1940 wakazi wake wengi walikuwa wakulima wa mashamba madogo, na nyumba zao zilitawanyika katika vitongoji vilivyo mbali na kanisa na shule. Shule za vijijini nchini Kolombia wakati huo zilikuwa chache na zilifundisha miaka miwili tu au zaidi kidogo. Katika shule nyingi mwalimu alikuwa mmoja, na wavulana na wasichana walihudhuria kwa zamu, siku ya hawa ikifuatwa na siku ya wale. Hata mtoto aliyeandikishwa, basi, hakuwa mwanafunzi wa kila siku. Watu wazima, ambao wengi wao hawakujua kusoma, hawakuwa na mahali popote pa kusomea.

Ni kosa hata hivyo kudhani kwamba watu hao hawakuwa na masomo ya dini. Walikuwa nayo, tena yaliyochapishwa. Katekisimu ya padri Mjesuti wa Kihispania Gaspar Astete, iliyotungwa mwishoni mwa karne ya 16, ilitumika Kolombia hadi karne ya 20. Ilipangwa kwa maswali na majibu mafupi, na mpango huo ulikuwa na hekima yake. Mama asiyejua kusoma aliweza kulishika jibu kwa kulisikia, akamfundisha mwanawe wakiwa jikoni, naye mtoto akamfundisha mdogo wake. Kijitabu kimoja kiliweza kuhudumia kitongoji kizima. Katika maana hiyo, Astete alikuwa amekwisha kutatua tatizo la mwanafunzi asiyefika shuleni karne tatu kabla ya redio.

Lakini muundo huo ulikuwa na gharama. Swali na jibu vyote viliandikwa na mtu yule yule, na kazi ya mwanafunzi ilikuwa kukumbuka. Swali lililozaliwa kichwani mwa mkulima mwenyewe, kuhusu deni, ulevi, mgonjwa aliyemo nyumbani au idadi ya watoto, halikuwa na nafasi kitabuni. Lilisubiri siku ya kuonana na padri, na kwa familia za vitongoji vya mbali siku hiyo ilikuwa nadra. Tutaona kwamba redio iliondoa sehemu tu ya tatizo hili.

3.0 Muundo wa shule ya redio

Padri José Joaquín Salcedo alifika Sutatenza mwezi Agosti 1947 akiwa padri kijana msaidizi wa parokia. Alikuwa mpenzi wa mitambo ya redio, na kufikia mwezi Oktoba mwaka huo alikuwa amekwisha kurusha matangazo ya majaribio kwa mtambo mdogo usiofika wati 100. Redio chache ziliwekwa katika nyumba za vitongojini, na majirani wakakusanyika kuzisikiliza. Kazi hiyo iliungwa mkono na askofu wa Tunja wa wakati huo, Crisanto Luque. Miaka miwili baadaye ilikuwa imekwisha kupata chombo cha kuiendesha, yaani ACPO, na katika miongo iliyofuata matangazo yalirushwa kwa mitambo yenye nguvu kutoka miji mikubwa ya nchi.

Kilichoitwa shule ya redio hakikuwa jengo. Kilikuwa chumba cha nyumba ya mkulima, chenye redio ya betri, ubao, chaki, vijitabu, madaftari na kikundi kidogo cha wanafamilia na majirani. Masomo yalirushwa katika saa ambazo mkulima hakuwa shambani. Mafundisho yaligawanywa katika nguzo tano: afya, herufi, hesabu, uchumi na kazi, na maisha ya kiroho. Kila nguzo ilikuwa na kijitabu chake au sehemu yake katika vijitabu vya ACPO, na kile cha dini kiliitwa, kwa tafsiri, Jumuiya ya Kikristo. Kuanzia mwaka 1958 gazeti la kila wiki, El Campesino, liliongezwa ili aliyekwisha kujua kusoma asikose cha kusoma.

Kiungo cha muundo huu wote kilikuwa msaidizi wa karibu. Huyu alikuwa mtu wa kitongoji hicho hicho, mara nyingi kijana au mwanafamilia anayejua kusoma kidogo kuwazidi wenzake, naye hakulipwa mshahara. Alifungua redio kwa wakati, akaandika mahudhurio, akaonesha ukurasa uliotajwa, akaandika ubaoni alichoagizwa na mwalimu wa redio, na akatazama kama kila mmoja amefuata. Juu yake alikuwepo padri wa parokia, ambaye ndiye aliyesimamia shule zote za eneo lake. Kuanzia katikati ya miaka ya 1950 ACPO ilianzisha pia vyuo vya kuwafunza viongozi vijana wa vijijini, kwa sababu ilikwisha kudhihirika kwamba bila mtu wa kuziunganisha, shule hizi zilififia zenyewe.

Mgawanyo huo wa kazi ulifaa sana katika kufundisha herufi. Mwalimu wa redio alisema herufi ipi iandikwe, msaidizi akaiandika, wanafunzi wakainakili, na msaidizi akaweza kuona kwa macho nani amekosea. Msomaji wa Tanzania atautambua muundo huu katika kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, ambayo nayo ilisimama juu ya redio, kijitabu na kiongozi wa kikundi. Katika kampeni hiyo kikundi kilimaliza mjadala kwa kuchimba choo au kusafisha mazingira, na matokeo yakaonekana kwa jicho. Je, msaidizi angeona nini baada ya somo la dini? Swali hilo ndilo linalohitaji uchambuzi wa karibu.

4.0 Somo moja la dini: kielelezo cha uchambuzi

Ili kuonesha mahali ugumu ulipo, sehemu hii inajenga somo moja kwa kufuata kanuni za muundo ulioelezwa hapo juu. Si nakala ya somo lililorushwa, bali ni kielelezo cha mwandishi. Tuchukue somo la nusu saa kuhusu mfano wa mpanzi, katika Mathayo sura ya 13, ambao wakulima wangeuelewa bila kuelezwa jembe ni nini.

Somo linaanza kabla ya sauti kusikika. Msaidizi anafungua redio mapema kidogo, anaandika majina na kufungua ukurasa. Mwalimu wa redio anaanza kwa marudio ya dakika tatu, lakini hasemi kwamba jana tuliona jambo fulani, kwa kuwa anajua kwamba baadhi ya wasikilizaji hawakuwepo jana. Badala yake anataja ukurasa na kulieleza upya, kwa sentensi mbili, jambo linalohitajika leo. Hii ndiyo kanuni ya kwanza ya kumpangia mwanafunzi asiye wa kila siku: somo lisimame lenyewe, na kumbukumbu ya somo lililopita ikae katika ukurasa uliochapishwa. Aliyekwenda kuvuna kwa siku nne anarudi na kukuta kurasa nne zinazomsubiri. Sauti ya siku hizo nne imekwisha kupotea.

Kisha mfano wenyewe unasomwa. Aya zake ni chache, na kwa kusoma polepole hazizidi dakika mbili, hivyo unaweza kusomwa mara mbili. Baada ya hapo mwalimu anamwagiza msaidizi amteue mtu mmoja ausimulie upya kwa maneno yake. Hapa redio haipaswi kunyamaza kabisa. Ukimya mrefu humfanya msikilizaji adhani kwamba mtambo umekatika au betri imekwisha, na mkono wake huenda kwenye kitufe. Kwa hiyo muziki mdogo unajaza muda wa dakika mbili au tatu, nao huwa ishara kwamba sasa ni zamu ya chumba kusema. Muda huo ndio sehemu ya thamani kubwa kuliko zote katika somo, na ndio unaokatwa kwanza na mtayarishaji mwenye haraka, kwa kuwa studioni unaonekana kama muda mtupu.

Baada ya usimulizi yanafuata maswali, na hapa ndipo somo la dini linapoachana na masomo mengine. Maswali ya somo hili ni ya aina tatu. La kwanza ni swali la kumbukumbu: mbegu ziliangukia wapi? Jibu lake ni moja, na redio inaweza kulitangaza baada ya muziki ili msaidizi asahihishe. La pili ni swali la maisha: katika kitongoji chetu, ni nini kinacholisonga neno jema lisikue? Hili halina jibu moja. Redio ikitangaza jibu, itakuwa imewafunga midomo watu waliokwisha kuanza kuzungumza kuhusu deni la duka au ugomvi wa mpaka wa shamba. Kazi ya mtayarishaji hapa ni kujizuia asijibu. La tatu ni swali ambalo mwanafunzi mwenyewe analiuliza: kama udongo ni mbaya kwa asili yake, kosa ni la udongo au la mpanzi? Swali hili ni la haki kabisa. Limewashughulisha wanateolojia kwa karne nyingi, na msaidizi mwenye elimu ya miaka miwili hawezi kulijibu.

Msaidizi anapokutana na swali la aina ya tatu ana njia nne. Anaweza kulinyamazia, anaweza kubuni jibu, anaweza kulirudisha kwenye maneno ya kijitabu, hata kama hayalijibu, au anaweza kuliandika na kulipeleka mbele. Njia tatu za kwanza hazigharimu kitu na zinalimaliza somo kwa wakati. Njia ya nne inahitaji karatasi, stempu au safari, na mtu wa upande wa pili mwenye muda na ruhusa ya kujibu. Mpango usioitengeneza njia ya nne kwa makusudi umekwisha kuichagua mojawapo ya zile tatu.

5.0 Barua kama njia ya kurudi

ACPO iliitengeneza njia hiyo, na hilo ndilo jambo linaloitofautisha na mipango mingi iliyoiga. Wasikilizaji walihimizwa kuandika, na ofisi maalumu ilizisoma na kuzijibu barua zao. Katika maisha yote ya taasisi, barua zilizopokelewa zilizidi milioni 1, na vijitabu vilivyosambazwa vilizidi milioni 6. Uandishi wa barua ulitimiza makusudi mawili kwa pamoja. Kwa mwalimu wa herufi ulikuwa mtihani, kwa kuwa barua yenyewe ilithibitisha kwamba mtu amejifunza kuandika. Kwa mwalimu wa dini ulikuwa kitu kingine, yaani mahali pa siri ambapo mtu aliweza kuuliza jambo asiloweza kulitamka mbele ya majirani zake.

Tofauti kati ya chumba na barua ina uzito. Shule ya redio ilikuwa ya hadhara. Waliokaa humo walikuwa mume, mke, mama mkwe, watoto na jirani mwenye mgogoro wa mpaka. Swali la dhamiri halikuweza kuulizwa mbele ya kundi hilo. Barua iliweza kulibeba, lakini kwa wale tu waliokuwa wamekwisha kuvuka kizingiti cha kuandika. Hapa mtafiti anapaswa kuwa mwangalifu na ushahidi wake. Mkusanyo wa barua unatuonesha maswali ya waliofaulu somo la herufi. Mwanafunzi aliyekwama katika ukurasa wa kwanza hayumo, ingawa huenda ndiye aliyekuwa na swali zito kuliko wote. Mtu akizisoma barua hizo kama sauti ya wakulima wote, atakuwa amelichukulia ungo lililochujwa kama ghala zima.

Aidha, njia ya barua ilikuwa ya polepole. Jibu liliporudi, darasa lilikuwa limekwisha kufika somo jingine, na msaidizi, ambaye swali lilimshinda mbele ya wenzake, hakupata jibu hilo isipokuwa mwandishi wa barua alipoamua kumwonesha. Maarifa yalirudi kwa mtu mmoja mmoja na hayakumjenga yule aliyetegemewa kuendesha somo linalofuata. Huu ni upungufu wa mpangilio, wala hautokani na uvivu wa mtu yeyote. Ungeweza kupunguzwa kwa kutenga somo moja kila juma la kujibu maswali yaliyotumwa bila kutaja majina, ili jibu la mmoja liwe mali ya vyumba vyote.

6.0 Mahali mpango ulipojaribiwa

Majaribu ya mpango yalikuwa ya ngazi mbili. Ngazi ya kwanza ni ya kawaida na hutokea kila mahali: betri huisha kabla ya msimu, kijitabu huchelewa kufika wakati somo lake limekwisha kurushwa, na msaidizi huhama au huolewa. Dalili ya hali hiyo ni daftari la mahudhurio. Daftari lenye alama kamili kila siku, hata wakati wa mavuno na mvua, linaeleza zaidi juu ya mtu aliyelijaza siku moja kwa mkupuo kuliko juu ya wanafunzi. Daftari la kweli lina mapengo, na mapengo yake hufuata kalenda ya shamba. Mpangaji anayeadhibu mapengo atapata madaftari mazuri na vyumba vitupu.

Katika ngazi hiyo hiyo kuna suala la redio zenyewe. Katika kipindi fulani ACPO ilisambaza redio zilizofungwa kwenye masafa yake tu. Uamuzi huo una hoja ya kiufundi, kwa kuwa redio ya namna hiyo ni rahisi kutengeneza na betri haimalizwi na matangazo mengine. Katika somo la hesabu uamuzi huo hauna madhara makubwa. Katika somo la dini maana yake hubadilika, kwa sababu nyumba inapokea fundisho moja bila uwezo wa kusikia jingine. Kolombia ya miaka ya 1950 ilikuwa na Waprotestanti wachache, na baadhi yao waliteswa katika machafuko ya kipindi kile. Nyumba ya namna hiyo ikitaka kujifunza herufi kwa redio, ilijifunza pamoja na nguzo ya tano, kwa kuwa mpango ulizifunga nguzo zote pamoja na kuziita elimu moja isiyogawanyika.

Ngazi ya pili ilikuwa nzito zaidi, nayo ilihusu uzazi. Katika miaka ya 1960 ACPO ilianza kufundisha kwa uwazi kwamba wazazi wanawajibika kuamua kwa dhamiri idadi ya watoto wanaoweza kuwalea. Mada hiyo ilipita katikati ya nguzo tatu kwa pamoja: afya, uchumi na maisha ya kiroho. Mwezi Julai 1968 Papa Paulo wa Sita alitoa waraka wa Humanae Vitae uliokataza njia za kuzuia mimba zisizo za asili, na mwezi uliofuata alizuru Kolombia na kukutana na wakulima huko Mosquera, karibu na Bogotá. ACPO iliendelea kufundisha uzazi wa kuwajibika, na sehemu ya maaskofu iliutazama mkondo huo kwa mashaka. Msuguano huo uliongeza umbali kati ya taasisi na uongozi wa Kanisa katika miaka iliyofuata.

Mtazame sasa msaidizi katika chumba chake. Padri wa parokia ndiye msimamizi wake, na kijitabu ndicho mwongozo wake. Viwili hivi vilipokubaliana, alikuwa na nguvu. Vilipotofautiana, au vilipoonekana kutofautiana, yeye ndiye aliyebaki mbele ya majirani na swali mkononi. Hakuwa na elimu ya kutofautisha kati ya kuwajibika katika uzazi, jambo ambalo waraka haukulikataza, na njia ambazo waraka ulizikataza. Taasisi ilibishana na maaskofu kwa lugha ya kitaalamu, lakini athari ya mabishano ilimfikia mtu aliye chini kabisa katika mfumo, ambaye hakuwa mshiriki wa mabishano hayo.

Brazili ilichagua njia nyingine. Vuguvugu la Elimu ya Msingi, lililoundwa na maaskofu kwa makubaliano na serikali mwezi Machi 1961 na lililojifunza mengi kutoka Sutatenza, lilitumia pia shule za redio na wasimamizi wa kujitolea. Baada ya mkutano wa waratibu wake mjini Recife mwezi Desemba 1962, liliweka mkazo katika kumwezesha mkulima kuichambua hali yake mwenyewe, na somo la katekisimu halikuwa kitovu chake. Hilo lilipunguza mgongano wa kidini, lakini halikuuondoa mgongano. Mwezi Februari 1964 polisi wa jimbo la Guanabara walikamata nakala za kitabu chake cha kusomea wakidai kwamba kinaeneza ukomunisti. Ulinganisho huu unaonesha kwamba kuliondoa somo la dini katika mpango hakumwokoi mpangaji. Mara mkulima anapopewa nafasi ya kuuliza, atauliza jambo ambalo mwenye mamlaka fulani hataki liulizwe.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba shule za redio za Sutatenza zilirithi kutoka katekisimu ya Astete kanuni moja ya msingi, yaani somo la dini kwa mtu asiyefika shuleni lazima liweze kuendeshwa na mtu asiye mwalimu. Zilichoongeza ni sauti ya kila siku, maandishi yanayofuatana na sauti hiyo, na ofisi ya kujibu barua. Katika mambo haya matatu, la mwisho ndilo lililokuwa jipya zaidi kwa elimu ya dini, kwa sababu ndilo pekee lililompa mwanafunzi nafasi ya kuanzisha swali.

Hata hivyo, njia ya kurudi ilikuwa nyembamba kuliko ya kwenda. Somo moja lilishuka kwa vyumba maelfu kwa wakati mmoja. Swali lilipanda moja moja, kwa waliojua kuandika tu, na jibu lake lilimpita msaidizi pembeni. Kadiri mada ilivyokuwa karibu na dhamiri ya mtu, ndivyo wembamba huo ulivyoumiza. Suala la uzazi halikuzaa udhaifu huo, bali liliuanika.

Kigezo kinachopendekezwa hapa ni rahisi kukitumia katika kutathmini mpango wowote wa masomo ya dini kwa redio au maandishi, uwe wa Kikristo au wa Kiislamu. Mtathmini achukue somo moja, atafute ndani yake swali ambalo msaidizi hawezi kulijibu, kisha alifuatilie swali hilo: linaandikwa na nani, linapelekwa na nani, linajibiwa na nani, baada ya siku ngapi, na jibu linarudi kwa nani. Iwapo mnyororo huo unakatika katika hatua ya kwanza, mpango huo umerudi kwenye katekisimu ya kukariri, hata kama mtambo wake unasikika nchi nzima.